"Kona nusu" ni kona ipi? Dhana potofu kuhusu kuoanisha majina ya bidhaa

Nashughulika na katalogi na orodha ya bei za duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa. Katalogi ina picha, na ndiyo tunayowatumia wateja wa Tukuyu, Chunya na Vwawa kwenye simu. Orodha ya bei ni faili la Excel ambalo karani hulifungua anapoandika oda. Viwili hivyo viliandikwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti, na kila mmoja aliita vitu alivyozoea kuviita. Nilipopewa kazi ya kuvioanisha nilikuwa na imani zile zile ninazozisikia kwa wenzangu wa maduka mengine. Karibu zote zilinigharimu.

Dhana: tatizo kubwa ni tahajia

Tahajia mbovu inaudhi macho, lakini mara nyingi haipotezi mzigo. Mmoja akiandika "elbo", mwingine "elbow", mwingine "kona", karani na mteja wote wanajua kinachozungumzwa ni kile kipande cha kukunjia bomba. Kinachopoteza mzigo ni jina moja, tena lililoandikwa vizuri kabisa, linalobeba vitu viwili au vitatu.

Fundi mmoja wa Tukuyu alipiga simu akaagiza kona nusu 40 na tii nusu 15. Karani akatafuta kwenye orodha ya bei, akakuta "Elbow 1/2" na "Tee 1/2", akapiga hesabu, mzigo ukafungwa na kupakiwa kwenye Hiace. Jioni simu ikaita. "Dada, nimeomba kona za kuchomea, mmeniletea za chuma. Mabomba yangu ni PPR." Mzigo ukarudi takriban kilomita 70, nauli juu yetu, na fundi akapoteza siku nzima ya kazi.

Hakuna aliyekosea kuandika. Kwa fundi bomba, "nusu" ya PPR ni bomba la plastiki lenye kipenyo cha nje cha milimita 20. Unene wa ukuta wake, kwa daraja la PN20, ni milimita 3.4, kwa hiyo ndani kunabaki tundu la milimita 13.2, karibu na nusu inchi ambayo ni milimita 12.7. Mafundi wamelichukulia jina kutoka kwenye tundu hilo, na hawajakosea. Kona zake huunganishwa kwa joto la nyuzi 260 hivi, kwa ile mashine ya kuchomea. "Nusu" ya bomba la chuma ni kitu kingine: kona yake ina meno ya kuzungushia, na haichomewi popote. Halafu kuna bomba jeupe la PVC la kupitishia nyaya za umeme, nalo lina mm 20, nalo lina kona zake. Orodha yetu ya bei ilikuwa na mstari ulioandikwa "Bomba 20" peke yake. Nilimuuliza mzee wa stoo ni bomba gani, akasema la umeme. Nikamuuliza karani, akasema la maji. Kwa muda gani tumekuwa tukiuza moja kwa bei ya jingine, sikuweza kujua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa kwenye kompyuta. Nilichapisha orodha, nikaenda nayo stoo na kalipa mkononi, na kwa kila mstari nikashika kitu chenyewe. Mstari ambao nikiusoma kwa sauti stoo mzee anauliza "ipi?", huo una kasoro, hata kama tahajia yake haina doa. Swali lake ndilo linaloonyesha neno linalokosekana. Akiuliza "ya PPR au ya chuma?", jina linakosa malighafi. Akiuliza "geji ngapi?", linakosa geji.

Baada ya kupita mabomba yote, jina likapata mpangilio mmoja: kitu, malighafi, kipimo, kisha sifa ya ziada kama ipo.

```
KN-PPR-20     Kona PPR mm 20
KN-CHM-12     Kona chuma 1/2"
KN-UME-20     Kona PVC umeme mm 20
```

Sehemu ya kwanza ya kila mstari ni msimbo wa bidhaa. Msimbo huo ndio unaooanisha katalogi na bei. Jina ni la kusomwa na watu. Nimeuanza kwa herufi kwa makusudi, kwa sababu msimbo wa tarakimu tupu wenye sifuri mbele, mfano 00417, Excel huukata ukabaki 417.

Dhana: geuza vipimo vyote viwe milimita, utakuwa umemaliza

Nilijaribu. Nikakwama kwenye kona yenye shaba, ile inayofungwa ukutani kwa ajili ya koki. Upande mmoja unachomewa kwenye bomba la PPR la mm 20. Upande wa pili una meno ya nusu inchi ya kufungia koki. Jina lake la kweli ni "Kona PPR shaba mm 20 x 1/2"", na vipimo vyote viwili ni sahihi kwa pamoja.

Ile nusu inchi ya meno si urefu wa kitu chochote unachoweza kukipima hapo. Weka kalipa juu ya meno ya nje ya nipo ya nusu inchi, utasoma karibu milimita 21. Ukiandika "mm 12.7" umeandika kipimo ambacho hakipo kwenye bidhaa, ukiandika "mm 21", hakuna fundi atakayeijua. Nusu inchi ya bomba la chuma ni jina, na jina halibadilishwi kwa kikokotoo. Kanuni tuliyofuata ni kuandika kipimo kama kilivyochapwa kwenye kifaa chenyewe: PPR kwa mm, meno kwa inchi, nondo kwa mm. Mteja akisema "nondo nusu" tunamwelewa kuwa anataka mm 12, ila mm 12 na nusu inchi kamili si sawa, na kwenye karatasi inakaa mm 12.

Hapa kuna mtego mmoja wa Excel unaostahili kusemwa. Ukiwa na safu ya kipimo na ukaandika 1/2 peke yake, Excel huifanya tarehe, na kwenye kompyuta iliyopangwa kuanza na siku itaonyesha `01-Feb`. Robo tatu, yaani 3/4, inakuwa `03-Apr`. Nilikuta orodha ina tii za "Februari" na soketi za "Aprili", na aliyeziandika hakujua zilibadilikaje. Ukijaribu kurekebisha kwa kuibadilisha seli iwe maandishi baada ya hapo, unapata namba kama 45323, ambayo ni tarehe 1 Februari 2024 kwa hesabu ya ndani ya Excel. Dawa ni kuipanga safu nzima iwe `Text` kwanza, ndipo uandike vipimo. Vilivyokwisha kugeuka viandikwe upya kwa mkono.

Dhana: Replace itamaliza kazi kwa dakika tano

`Replace` haisomi maneno, inasoma herufi zinazofuatana, na isipoambiwa vingine haijali herufi kubwa wala ndogo. Tuliamua kwamba "Bati" lililoandikwa hivyo tu liwe "Bati msauzi", kwa kuwa ndilo tunalouza zaidi. Kijana mmoja wa dukani akabonyeza `Replace All`. Bati zikabadilika. Misumari ya bati ikawa "misumari ya Bati msauzi". Bawaba za kabati zikawa "bawaba za kaBati msauzi". Neno "bati" limo ndani ya "kabati", na sisi sote tulikuwa tumelisahau. Vivyo hivyo "kona": kuna kona za bomba, kona za gata na kona za vigae, na ukizigeuza zote kuwa "elbo" umepotosha mbili.

Na wapo wanaotumaini programu inayotafuta majina yanayokaribiana na kuyaunganisha yenyewe. Katika biashara hii ukaribu wa maandishi unadanganya. "Bati msauzi geji 28" na "Bati msauzi geji 30" vinatofautiana tarakimu mbili tu, lakini ni bati mbili tofauti kwa unene na bei. Geji ikipanda bati linakuwa jembamba. Mifuko ya saruji ya 32.5 na 42.5 inatofautiana tarakimu moja, na tarakimu hiyo ni nguvu yake baada ya siku 28. Wakati huohuo "saruji" na "simenti" havifanani kabisa, na ni kitu kilekile. Programu kama hiyo itumike kukupendekezea mistari ya kutazama, na mistari yoyote miwili yenye namba tofauti isiunganishwe mpaka mtu aende rafuni.

Dhana: chagua jina sahihi, mengine yafute

Hili ndilo ninalolipinga kwa nguvu zaidi. Jina moja likae kwenye karatasi anayoiona mteja, sawa. Lakini "elbo", "elbow", "kona nusu", "kona ya kuchomea" ndiyo maneno yanayokuja kwa simu kila asubuhi, na ukiyafuta karani hana pa kuyatafuta. Tumeyawekea safu yake, "Majina mengine", na karani hutafuta humo. "Kona nusu" imeandikwa kwenye mistari mitatu, kwa hiyo akiitafuta zinamtokea zote tatu na analazimika kuuliza.

Dhana: majina yasipolingana, kompyuta itakwambia

Itakwambia ukiiuliza vizuri. `VLOOKUP`, ile fomula ya kuvuta bei kwa msimbo, isipokuwa na neno la mwisho hutafuta linalokaribia, na bila kuonyesha kosa lolote inaweza kukuletea bei ya bidhaa jirani. Iandike hivi:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!A:D,4,FALSE)
```

Kwa `FALSE`, msimbo usiokuwepo hutoa `#N/A`. Tulipoibadilisha, zikajitokeza `#N/A` nyingi kwenye bidhaa ambazo jana yake zilikuwa na bei. Bei hizo zilikuwa za vitu vingine.

Mlango ambao uchafu bado unaingilia ni ankara za wanaotuletea mzigo. Kila mmoja ana majina yake, na zamani karani alikuwa anayanakili yalivyo kama bidhaa mpya. Sasa haruhusiwi kuongeza mstari. Anaandika jina la ankara kwenye karatasi, mzee wa stoo anakishika kitu, na mimi ndiye ninayeamua kama ni msimbo mpya au ni jina lingine la msimbo uliopo. Majina yaliyomo kwenye mashine ya EFD bado ni ya zamani kwa upande wa rangi na vigae, na ndiyo tunayoyarekebisha mwezi huu, rafu moja kwa siku.