Mzee anaporudia hadithi ileile

Mzee huyu ana miaka 81. Aliletwa kwangu na bintiye, ambaye alikuwa amechoka: kila jioni barazani baba yake anasimulia jambo moja, kwa maneno yaleyale, na kila akimaliza anakosa usingizi. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Alitoka Ujiji akiwa kijana kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Mwaka 1965 mama yake akafariki. "Sikumzika mama. Nilikuwa korona." Korona ni kiwanda cha kukamua majani ya mkonge, na mtu aliyefanya kazi humo hasahau harufu yake.

Kwanza nilitaka kujua kama ni ugonjwa wa kusahau. Mwenye ugonjwa huo mara nyingi hajui kwamba jana alikusimulia. Yeye alianza na "najua nimeshakwambia, mwanangu". Kumbukumbu ilikuwepo. Tatizo ni kwamba ilikwama.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Kukumbushia ya kale ni jambo la kawaida, lakini si kila kukumbushia kunaponya. Jeffrey Webster, mtafiti aliyechunguza sababu za watu kurejea ya nyuma, alitaja miongoni mwake kufundisha wadogo, kujitambua, kupitisha muda mtu akikosa la kufanya, na kufufua uchungu. Hiyo ya mwisho huenda sambamba na sonona. Kumwambia mzee wa namna hiyo "tusimulie ya zamani" ni kumrudisha palepale kwenye kidonda.

Kupitia maisha, yaani kumsaidia mzee kurejea maisha yake yote kwa mpangilio, ni kazi nyingine. Daktari wa akili Robert Butler aliiandika mwaka 1963, wakati wenzake wengi waliona mzee anayeongelea ya kale ni dalili ya akili kuchoka. Yeye aliona ni mtu anayefunga hesabu zake. Muuguzi Barbara Haight baadaye aliipa utaratibu: mikutano kati ya sita na minane, saa moja kila wiki, watu wawili tu, kuanzia utoto, kisha familia, kazi, utu uzima, na mwisho kuyapima yote kwa pamoja. Huko kupima ndiko kunakoitofautisha na soga.

Kwa hiyo sikuanza na mama. Wiki ya kwanza niliuliza walikuwa wanapika nini nyumbani Ujiji na nani alikuwa anapuliza moto. Wiki ya tatu tulifika kwenye treni, na ya nne tukafika korona.

Mtu mwenye sonona husimulia kwa jumla: "siku zote nilikuwa mbali", "maisha yangu yote ni kazi". Kazi yangu ni kumtoa kwenye siku zote, nimpeleke kwenye siku moja. Nikamuuliza telegramu ya msiba wa mama ilifika lini.

"Ijumaa. Nilikuwa nimetoka msikitini."

"Iliandikwaje?"

Akakaa kimya, muda mrefu kwelikweli, kisha akasema: "Mama amezikwa Jumatano."

Sikusema neno. Ukimfanyia mzee hesabu yake, utakuwa umemnyang'anya. Akaifanya mwenyewe: ilipomfikia telegramu, mama alikuwa na siku mbili kaburini. Hata angekimbia usiku ule asingewahi. Alilia, na kabla ya saa kwisha machozi yakatulia. Hiyo ndiyo dalili ninayoitazama. Kilio kisichotulia, ndoto mbaya zinazoanza upya, au mtu kusema heri nife, hapo nasimamisha na kumpeleka kwa daktari wa akili.

Msidhani aliondoka mwepesi. Wiki iliyofuata alikuja na jambo zito zaidi: "Mazishi nisingewahi. Lakini arobaini ningewahi." Hakwenda kwa kuogopa kupoteza kazi. Hilo lilikuwa kosa lake kweli, na sikumwambia si kitu. Tuliliweka pamoja na mengine ya mwaka ule: pesa aliyotuma ya sadaka, na wadogo zake wawili waliosomeshwa na mshahara wa korona. Mizani haikulala upande mmoja.

Njia hii ina mipaka. Kwa wenye ugonjwa wa kusahau, faida zilizopimwa ni ndogo na hutofautiana kutokana na namna kikao kinavyoendeshwa. Uingereza walijaribu vikundi vya wagonjwa pamoja na ndugu wanaowatunza. Matokeo yaliyotoka 2012 hayakuonyesha nafuu ya maana, na watunzaji wakaonekana na wasiwasi zaidi. Siwapi kazi hii mabinti waliochoka tayari.

Mkutano wa nane tuliufanya nyumbani kwake. Bintiye alikuwa anasikia jina la bibi yake kwa mara ya kwanza. Akaliandika kwenye daftari la mjukuu, na mzee akasema anataka isomwe khitma.

Mwezi uliofuata nikampigia binti simu. Usingizi umerudi, akasema, ila hadithi bado ipo. Tena imekuwa ndefu: sasa inaanzia kwa mama anayepuliza moto, na wali unapoa kabla hawajafika Tanga.