Ujumbe wa kukaribisha mfanyakazi mpya si kanuni za ofisi zilizotanguliwa na "Karibu"

Kuna hati inayozunguka maofisini ikiitwa ujumbe wa kukaribisha, na mara nyingi haistahili jina hilo. Inafungua kwa "Karibu sana", halafu inafuata aya nzima ya historia ya taasisi, dira na dhima, saa za kazi, adhabu ya kuchelewa, viambatisho saba, na mwisho saini ya meneja ambaye hakuandika hata mstari mmoja. Anayeipokea huipitia kama masharti yaliyochapwa nyuma ya tiketi.

Maana yenyewe ni fupi. Ujumbe wa kukaribisha ni maneno machache ambayo msimamizi wa moja kwa moja anamwandikia mtu aliyekwisha kusaini mkataba lakini hajaanza kazi, kumjulisha kwamba anasubiriwa na kwamba siku yake ya kwanza itakwenda hivi na hivi. Basi. Mengine yote yana hati zake, na hapo ndipo penye mkanganyiko.

Barua ya kutoa nafasi ya kazi huandikwa kabla mtu hajaamua, kwa hiyo ina haki ya kushawishi. Mkataba unafunga pande mbili. Mwongozo wa wafanyakazi unasema na watu wote kwa miaka. Tangazo kwa timu linamzungumzia mgeni kwa watu wengine. Ujumbe wa kukaribisha unazungumza na mgeni mwenyewe, mara moja, wakati uamuzi umekwisha kupita na hakuna tena cha kumuuzia. Ndiyo maana sifa za taasisi humo hazina kazi: mtu amekwisha kukubali. Anachojiuliza sasa ni aingilie mlango upi, amtaje nani, avae nini, na kama mchana atakula peke yake.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kuunganisha ujumbe huu na tangazo kwa timu, yaani meneja anaandika barua moja na kuwatumia wote, mgeni akiwa miongoni mwao. Inaonekana kama kuokoa muda. Lakini mambo unayoweza kumwambia mgeni, kwa mfano kwamba unajua anahama mji na umempangia wiki ya kwanza iwe nyepesi, si ya timu nzima kuyasoma. Na mambo ambayo timu inahitaji, kama vile nani atamkabidhi faili zipi na nani ataacha kuidhinisha malipo, yanamchanganya mgeni ambaye bado hajui hata majina. Zaidi ya hapo, sifa zinazomfurahisha mgeni zikisomwa peke yake huwachoma wenzake zikisomwa hadharani. Ukiandika "atatuletea mabadiliko tuliyoyakosa", umewaambia waliopo kwamba walishindwa. Andika barua mbili.

Kosa la pili ni kuuchanganya na mkataba, na hili lina gharama. Meneja akiwa na furaha huandika "tunatarajia ndani ya mwaka utaongoza kitengo" au "ukimaliza kipindi cha matazamio mshahara tutauangalia upya". Kwake ni uchangamfu. Kwa anayesoma ni ahadi, na iko kwenye maandishi, ina tarehe na jina la mwakilishi wa mwajiri. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba makubaliano yote yamo ndani ya mkataba huo tu, ila hiyo si sababu ya kwenda kukijaribu kifungu hicho kwenye mgogoro. Kanuni ni rahisi: cheo, tarehe ya kuanza, kituo cha kazi na jina la msimamizi, vikitajwa, vinakiliwe kutoka kwenye mkataba neno kwa neno, na mambo ya fedha, likizo na kupandishwa cheo yasiguswe kabisa. Mkataba ukisema "afisa malipo msaidizi" na ujumbe ukasema "afisa malipo", umempandisha mtu cheo bila kujua, naye atalikumbuka hilo siku utakapomrekebisha.

Sasa tuje kwenye uchangamfu na urasmi, ambavyo wengi huvichukua kuwa ncha mbili za mzani: ukiongeza huku unapunguza kule. Katika ujumbe huu havigombani, kwa sababu kila kimoja kinatoka mahali pake. Uchangamfu unatoka kwenye kumjua huyu mtu mmoja na kumwandalia siku. Urasmi unatoka kwenye usahihi wa maelezo na kwenye yale uliyoamua kuyanyamazia. Alama za mshangao hazileti joto lolote. "Wewe sasa ni familia" nalo ni neno la kuepuka, kwani ofisi huweza kumwachisha mtu kazi kwa notisi, na mfanyakazi mzoefu analijua hilo vizuri.

Tuchukue mfano. Mhasibu anayeitwa Rehema anaanza Jumatatu kwenye kitengo cha malipo. Rasimu ya kwanza ya meneja inasema: "Mpendwa Rehema, kwa niaba ya uongozi mzima tunakukaribisha kwa mikono miwili kwenye familia yetu kubwa! Tuna imani kubwa na uwezo wako. Mlango wangu uko wazi wakati wowote. Tafadhali soma viambatisho kabla ya kuripoti." Hakuna tusi humo, lakini ukilifuta jina la Rehema na kuweka la dereva au la mpishi, hakuna kitakachobadilika. Hicho ndicho kipimo cha haraka: ujumbe unaomfaa kila mtu haujamkaribisha yeyote. Ile ile kazi inaweza kufanywa hivi:

"Habari Rehema,

Nimefurahi kwamba umekubali kujiunga na kitengo chetu. Mimi ndiye msimamizi wako, na Jumatatu nitakuwa ofisini siku nzima.

Siku hiyo fika saa 3:30 asubuhi. Sisi tunaanza saa 2:00, ila ningependa tumalize kikao cha Jumatatu kwanza ili ukifika nisiwe na haraka. Pale mapokezi mtaje Daudi. Atakuonyesha meza yako, na kwa wiki mbili za mwanzo yeye ndiye wa kumwuliza mambo madogo madogo. Njoo na kitambulisho tu; fomu zilizobaki utazijaza na ofisi ya rasilimali watu saa 5:00. Mchana tutakula pamoja, sisi watano wa kitengo.

Kazi yenyewe tutaianza Jumatano, kwa kulinganisha ankara za wazabuni na taarifa ya benki. Kwenye usaili ulieleza jinsi ulivyoigundua ankara iliyolipwa mara mbili. Hilo ni tatizo letu pia, ndiyo maana nimekupangia uanzie hapo.

Ukiwa na swali kabla ya Jumatatu, nipigie kwa namba iliyo hapa chini kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 11:00 jioni. Si lazima uujibu ujumbe huu.

Meneja, Kitengo cha Malipo"

Katika ujumbe halisi, juu ya cheo huwekwa jina la meneja na chini yake namba ya simu. Ujumbe wote haufiki maneno 200, na ukivuka hapo mara nyingi umeanza kuwa mwongozo. Angalia joto lake limetoka wapi. Saa 3:30 badala ya saa 2:00 ina sababu yake, na sababu hiyo imetajwa. Bila kuitaja, mgeni angedhani kuna kosa na angefika saa 2:00 akakaa mapokezi. Daudi ametajwa kwa jina na kwa muda maalumu, kwa hiyo Rehema hatajiuliza kama anamsumbua. Sentensi ya ankara haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hakuwa kwenye usaili, au hakusoma maelezo yake. Ile "mlango uko wazi" imegeuka kuwa saa zinazojulikana. Na "si lazima uujibu" inamwondolea mzigo wa kutunga shukrani rasmi usiku kucha.

Kuna mambo mawili ambayo ujumbe kama huo hauwezi kuyastahimili. La kwanza ni Daudi kutojua. Kabla ya kutuma, mwambie Daudi, waambie walinzi na mapokezi, na hakikisha meza ipo. Mgeni akifika na jina la Daudi mdomoni, Daudi akawa likizo, maneno yote mazuri yamegeuka kuwa ushahidi dhidi yako. La pili ni wewe mwenyewe kuwa safarini siku hiyo. Kama lazima usafiri, sema, na utaje atakayempokea kwa niaba yako. Usiandike "nakusubiri kwa hamu" huku ukijua hutakuwepo.

Wakati wa kutuma ni siku 3 hadi 5 za kazi kabla ya kuanza. Ukituma wiki tatu kabla, mipango hubadilika na ujumbe hupotea. Ukituma usiku wa kuamkia, hana nafasi ya kuuliza. Kama anatumikia notisi ya mwezi mzima kwa mwajiri wake wa zamani, tuma mistari miwili mara anaposaini, na ujumbe kamili wiki ya mwisho. Utume kwenye anwani yake binafsi ya barua pepe, kwani ile ya kazini hataweza kuifungua mpaka apewe nenosiri, na nenosiri hupewa Jumatatu. Ni ajabu jinsi karibisho nyingi zinavyosomwa saa sita mchana wa siku ambayo zilikuwa zinaielezea.

Wakianza watu 8 kwa pamoja, usiwaweke wote kwenye sehemu ya "Kwa", maana kila mmoja ataona anwani binafsi za wenzake 7. Bcc huficha anwani, lakini bado ni barua moja kwa watu wote. Tumia mwili mmoja na ubadilishe sentensi mbili kwa kila mtu: anayempokea, na kazi yake ya kwanza. Kisha soma kila moja kuanzia jina, kwa sababu hapo ndipo jina la mtu aliyetangulia husahaulika bila kubadilishwa. Kwa anayefanyia kazi nyumbani, mlango na mapokezi hugeuka kuwa kompyuta itakayofika siku gani na nani atampigia kwanza, saa ngapi.

Ile hati ndefu yenye dira, kanuni na viambatisho saba si lazima itupwe. Ina kazi yake. Ibadilishwe jina iwe "Maelekezo kwa wafanyakazi wapya", itoke ofisi ya rasilimali watu kwa saini ya ofisi hiyo, na itumwe baada ya mgeni kufika na kupata pa kukaa. Saini ya meneja iondolewe humo, na lile "Karibu sana" la mwanzo pia.