Cheti cha kazi si hisani ya bosi

Kuna ujumbe unaosambazwa: "Ukiacha kazi kwa ugomvi, bosi anaweza kukunyima cheti, na huko uendako hutaajiriwa. Tuma kwa wengine."

Si kweli kwa Kenya. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi kila aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi, hata kama waliachana kwa maneno makali. Keshia aliyegombana na meneja ataandikiwa jina lake, jina na anwani ya mwajiri, aina ya kazi, mahali alipofanyia, siku aliyoanza na siku aliyoondoka. Ugomvi hauna nafasi humo. Mwajiri anayekataa makusudi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili.

Mkanganyiko unatokana na barua ya sifa, ile inayoeleza tabia na utendaji wako. Hiyo, kifungu hichohicho chasema, mwajiri halazimiki kuitoa. Kwa hiyo mrejelewa, yaani mtu atakayeulizwa habari zako na mwajiri mpya, anaweza kuwa msimamizi mwingine mliyeelewana.

Kisome kifungu chenyewe kabla ya kusambaza ujumbe huo. Ukinyimwa cheti, kiombe kwa maandishi, ubaki na nakala, kisha uende ofisi ya leba.