Duaradufu ya Uhakika: Kusoma Urefu na Upana wa Kiazi kwa Pamoja

Anayepima viazi mviringo vya Uporoto ili kuvipanga kwa madaraja huandika urefu na upana wa kila kiazi, kisha mara nyingi huweka mpaka wa kila kipimo peke yake. Njia hiyo haizingatii kwamba kiazi kirefu kwa kawaida huwa kipana pia. Duaradufu ya uhakika huchora mpaka unaofuata uhusiano huo.

Tuchukue mfano wa kukokotoa ambapo wastani wa urefu ni milimita 80 na wa upana ni milimita 55, variansi zake, yaani vipimo vya kutawanyika kwa data, ni 100 na 72, na kovariansi, kipimo cha jinsi urefu na upana hubadilika pamoja, ni 48. Namba hizo huunda matriksi ya kovariansi:

```
S = [100 48; 48 72]
```

Vekta aigeni ni ile ambayo matriksi haiigeuzi mwelekeo, bali huizidisha tu kwa namba fulani, nayo ndiyo thamani aigeni. Tukizidisha S kwa vekta (4, 3) tunapata (544, 408), yaani (4, 3) mara 136. Vekta (-3, 4), iliyo mraba na ya kwanza, huzaa (-108, 144), yaani mara 36. Kwa hiyo mhimili mrefu wa duaradufu umeinama takribani nyuzi 37 kutoka mstari wa urefu, na variansi ya data kuufuata ni 136, ilhali kuukata kwa pembe mraba ni 36 tu.

Nusu ya kila mhimili ni kipeuo cha pili cha thamani aigeni iliyozidishwa kwa 5.991, namba inayotoka kwenye jedwali la kai-mraba kwa digrii 2 za uhuru, ili duaradufu ibebe asilimia 95 ya data. Tunapata milimita 28.5 na 14.7. Kosa linalojirudia ni kuzidisha kipeuo cha pili cha thamani aigeni kwa 1.96, kama ilivyo kwa kipimo kimoja. Duaradufu hiyo hubeba takribani asilimia 85 tu ya data.

Sasa aje kiazi chenye urefu wa 95 na upana wa 43. Kila kipimo kiko ndani ya mikengeuko sanifu 1.5 kutoka wastani wake, hivyo mipaka ya kimoja kimoja ingekipitisha. Kwenye mihimili mipya, hata hivyo, kimesogea 4.8 kwenye mhimili mrefu na 18.6 kwenye ule mfupi, na 4.8²/136 + 18.6²/36 ni karibu 9.8, zaidi ya 5.991. Kiko nje: ni chembamba mno kwa urefu wake.

Hesabu hii hudai data inayokaribia mtawanyiko wa kawaida. Viazi vichache vya ajabu huivimbisha duaradufu na kuigeuza upande, kwa hiyo ni busara kuchora nukta zote kwanza. Isitoshe, duaradufu hii ni ya viazi vyenyewe. Anayetaka ya wastani hugawanya thamani aigeni kwa idadi ya viazi, na sampuli ikiwa ndogo, 5.991 hubadilishwa kwa namba kubwa zaidi inayotokana na kipimo cha T² cha Hotelling.