Ngozi ya Kope Inapofunika Mboni: Kipimo cha Plasta Kabla ya Kisu

Mzee wa miaka 72, mwenye duka la viungo pale Marikiti, aliletwa kliniki kwangu na binti yake. Alisema kwamba kila ikifika alasiri paji la uso humuuma, kwamba ameshajigonga kichwa mara mbili kwenye ubao wa mlango wa duka anaoufungua kila siku, na kwamba alibadilishiwa miwani mara mbili katika mwaka mmoja asipate nafuu. "Mwanangu, jicho ni zima," aliniambia, "lakini juu kuna kiza." Alipokuwa akisema hayo alikuwa ameinua kidevu, kama mtu anayechungulia chini ya pazia lililoshuka nusu, na nyusi zake zilikuwa zimepanda juu kabisa.

Ngozi ya kope ya juu ni nyembamba kuliko ngozi yoyote ya mwili, na kadiri miaka inavyokwenda hupoteza unyumbufu wake, ikalegea na kukunjika hadi ikaning'inia juu ya nywele za kope, hasa upande wa nje wa jicho. Mtu huanza kuiinua kwa misuli ya paji la uso bila kujitambua, kutwa nzima, na hapo ndipo yanapotoka maumivu ya alasiri. Kwa wengi huishia hapo. Kwa wachache mkunjo hushuka hadi ukazuia mwanga unaotoka juu, na hao ndio ninaowazungumzia, kwa sababu upasuaji wao na ule wa urembo huonekana kama kitu kimoja: mkato ni uleule, mahali ni palepale, na uzi ni uleule. Tofauti hupatikana siku nyingi kabla ya mkato, katika kupima.

Jambo la kwanza ninalolitafuta ni kama kilichoshuka ni ngozi au ni kope yenyewe. Humulika jicho kwa tochi ndogo, nikapima kwa rula kutoka nukta ya mwanga inayong'aa katikati ya mboni hadi ukingo wa kope ya juu, pale zinapoota nywele. Kwa kawaida umbali huo ni milimita 4 hadi 5. Kwa mzee huyu ulikuwa milimita 4 upande wa kulia na 3.5 upande wa kushoto, lakini nilipopima hadi kwenye mkunjo wa ngozi uliokuwa ukining'inia mbele ya ukingo huo, nilipata milimita 1 tu. Maana yake ni kwamba msuli unaoinua kope ulikuwa unafanya kazi yake, na ngozi ndiyo iliyoziba. Lau ukingo wenyewe ungekuwa umeshuka, kukata ngozi kusingemsaidia, kwani tatizo lingekuwa la msuli, nao hutengenezwa kwa njia nyingine. Tena, kope inayoshuka ghafla, pamoja na kuona vitu viwili au mboni moja kupanuka kuliko nyenzake, si jambo la uzee hata kidogo; ni dharura ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya hapo huja kipimo cha uwanja wa kuona, ambacho hufanywa mara mbili. Mgonjwa huegemeza kidevu mbele ya bakuli kubwa jeupe, hukazia jicho nukta ya katikati, na hubonyeza kitufe kila anapoona kimulimuli kikitokea pembeni. Mara ya kwanza tunaiacha kope ilivyo, na ninasimama karibu kuhakikisha kwamba hapandishi nyusi, kwa sababu akizipandisha matokeo yatakuwa mazuri kuliko hali yake halisi. Mara ya pili tunaiinua ngozi ya ziada kwa plasta. Plasta hiyo inapaswa kuinua ngozi peke yake. Ikivuta na ukingo wa kope, tutakuwa tumepima kitu ambacho upasuaji hautakifanya. Bila plasta, mzee huyu aliona hadi digrii 15 juu ya katikati, na kwa plasta akafika 40. Hizo digrii 25 za tofauti ndizo zilizokuwa zimemficha ule ubao wa mlango.

Kipimo hiki kina faida nyingine ambayo mimi naithamini zaidi. Niliwahi kumpokea bibi mmoja aliyekuwa ameshaambiwa mahali pengine kwamba akatwe ngozi ya kope ili aone juu vizuri. Kope zake zilikuwa zimelegea kweli, lakini tulipoziinua kwa plasta lile eneo la kiza halikusogea. Ugonjwa ulikuwa nyuma, kwenye mshipa wa fahamu wa jicho: alikuwa na glakoma. Angekatwa ngozi, angekwenda nyumbani ameridhika, huku uwezo wa kuona ukiendelea kupotea, na unaopotea kwa glakoma haurudi.

Binti wa mzee aliuliza kama tungeweza kuondoa na vifuko vilivyo chini ya macho ya baba yake kwa siku hiyohiyo. Nilimweleza kwamba vifuko vile havizuii chochote, kwa hiyo kuviondoa ni urembo. Urembo si aibu, na mtu mzima ana haki ya kuutaka, lakini hapo hakuna kipimo cha kuonyesha kilichopungua. Kinachoongoza ni matakwa ya mgonjwa na kioo chake, gharama kwa kawaida huwa yake, na hatari hata iwe ndogo hupimwa kwa mizani nyingine. Kwa upasuaji wa kuona, bima ikikubali kulipa, kwa kawaida hudai picha za uso na zile karatasi mbili za kipimo, ndiyo sababu huzihifadhi.

Nilimchora kwa kalamu akiwa ameketi, kwa kuwa akilala ngozi huteleza. Mkato wa chini ulikuwa milimita 8 juu ya nywele za kope, na kati ya nywele hizo na nyusi nilihakikisha zinabaki milimita 20 za ngozi au zaidi. Kikomo hicho sikivuki kwa ombi la mtu yeyote. Ngozi ikikatwa kupita kiasi jicho halifungi vyema usingizini, na hapa Mombasa, ambako tunalala chini ya feni usiku kucha, sehemu angavu ya mbele ya jicho hukauka hadi ikachubuka. Kazi ya macho yote mawili ilichukua kama saa moja, kwa sindano ya ganzi, naye akiwa macho. Dawa yake ya kuzuia damu isigande ilikuwa imepangwa mapema na daktari wake wa moyo; mgonjwa asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Nilimwonya binti yake kwamba usiku huo, mzee akipata maumivu makali, jicho likatokeza nje au kuona kukafifia, wasimpe dawa ya maumivu wakangoja asubuhi. Hiyo ni damu inayojaa nyuma ya jicho. Ni nadra, lakini inaweza kupofusha kwa muda wa saa chache.

Siku ya saba nilimtoa nyuzi. Wiki ya sita tulirudia kipimo bila plasta, naye akaona hadi digrii 38. Paji la uso lilikuwa limetulia, na kwa kuwa halikuwa na haja tena ya kunyanyua, nyusi zake zilikuwa zimeshuka karibu milimita 2 na kuacha mkunjo mdogo wa ngozi kwenye pembe za nje. Binti yake aliuona na kuninyooshea kidole. Nilimulika tena kwa tochi: mkunjo ule haukuikaribia mboni, basi nikauacha.