Siyo chango tu: binti aliyevumilia maumivu ya hedhi miaka 12

Alifika kliniki kwangu akiwa na miaka 25, mkononi ana majibu mawili ya ultrasaundi, yote yameandikwa "kawaida". Ameniruhusu nisimulie bila jina lake.

Alivunja ungo akiwa na miaka 13. Maumivu yalipoanza, bibi yake alisema ni chango, akamchemshia mizizi. Shangazi akamwambia akizaa litaisha. Akazoea. Kila mwezi alikosa kazini siku mbili, akipitia duka la dawa kuchomwa sindano ya diklofenaki.

Sikuanza kwa kumuuliza yanauma kiasi gani. Nilimuuliza yanaanza lini. Akasema siku nne kabla ya kuona damu, ingawa zamani yalikuwa ya siku ya kwanza tu. Hapo nikashtuka. Maumivu ya kawaida ya hedhi huanza damu inapotoka au saa chache kabla, huisha ndani ya siku mbili tatu, na mara nyingi hutulia kwa ibuprofeni. Ya kwake yalikuwa yanaongezeka mwaka hadi mwaka.

"Ukiwa kwenye siku zako, haja kubwa unapataje?"

Akainamisha kichwa. "Dokta, huwa nashika ukuta."

Hakuwahi kumwambia mtu. Aibu ya swali hilo moja imewachelewesha mabinti wengi ninaowaona.

Nilipompima kwa mkono, kizazi hakikusogea, na nyuma yake palikuwa na vinundu vilivyomuuma nilipovigusa. Ultrasaundi mpya ilionyesha uvimbe wa sentimita 5 kwenye ovari ya kushoto, umejaa damu nzito ya zamani. Hii ni endometriosisi: tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje yake, na kila mwezi huvimba na kuvuja damu isiyo na pa kutokea. Mwili hujibu kwa makovu, na makovu hugandisha viungo pamoja. Vidoa vidogo vya ugonjwa huu havionekani kwa ultrasaundi, kwa hiyo yale majibu ya "kawaida" hayakuwa yameufuta.

Tulimfanyia upasuaji wa matundu madogo kwa kamera. Ovari ilikuwa imenata nyuma ya kizazi. Tuliitenganisha, tukatoa uvimbe, na maabara ikathibitisha.

Sikumwambia amepona, kwa sababu ugonjwa huu hurudi. Anatumia kidonge cha dienogesti, miligramu 2 kila siku bila kupumzika, ili hedhi isimame na mabaki yasichochewe. Miezi ya mwanzo alipata damu ya matone, akataka kuacha; nikamweleza kwamba hilo hutokea sana na mara nyingi hupungua. Akiwa tayari kutafuta mtoto tutakisimamisha. Mimba haijafungwa kwake, ila huenda ikachelewa, na nimemwomba asisubiri mwaka mzima kabla ya kurudi.

Mwezi uliopita alikuja na mdogo wake wa miaka 15, anayetapika kila hedhi.