Chati ya silabi: rangi iende kwa irabu tu

Walimu na wazazi wengi wanatuletea chati walizotengeneza wenyewe, na kitu cha kwanza tunachoangalia ni rangi imewekwa wapi. Mara nyingi boksi zima limepakwa rangi, au silabi nzima, yaani k na a zote nyekundu. Hapo mtoto haoni kwamba ka, la na ma zinafanana mwishoni tu. Konsonanti ibaki nyeusi, irabu ndo ibebe rangi, basi.

Chukua karatasi ya A4 uilaze, acha pembeni sentimita moja na nusu kila upande, gawa mistari 6 yenye kimo cha sentimita 3. Mstari wa juu andika a e i o u, chini yake silabi za konsonanti tano za kuanzia, kila konsonanti mstari wake, sisi tunapenda m, k, l, t, b, na d isubiri chati nyingine kabisa maana b na d watoto wanazichanganya sana. Rangi: a nyekundu, e bluu, i chungwa, o zambarau, u kijani. Njano usiiguse, kwenye karatasi nyeupe haisomeki. Nyekundu na kijani tumezitenga makusudi kwa sababu kuna watoto wasiozitofautisha, wavulana hasa, ila hao bado safu inawasaidia, a ipo safu ya kwanza na u ya tano siku zote.

Sasa shida yenyewe ni kukariri. Mtoto anaimba ma me mi mo mu vizuri mpaka unafurahi, kumbe hasomi chochote. Mpime hivi, gusa ka, shuka la, panda mu, uone kama anapata kalamu. Halafu jaribu me na li, ku na ku, ba na ta. Akigusiwa mu akaanza kuhesabu toka ma kimoyomoyo, utamwona macho yanatembea kushoto kwenda kulia, huyo bado.

Kuna kitu karibu chati zote zinasahau, m isiyo na irabu. Kwenye mtoto, hiyo m ni silabi kamili peke yake, na mtoto aliyezoea kila boksi lina irabu atakusomea mutoto. Ongeza safu nyembamba mwisho kulia, kwenye mstari wa m weka m tupu, nyeusi, haina rangi, na boksi zingine za safu hiyo ziache wazi. Akishaizoea, agusie m, to, to.

Zikija ch, sh, ny na wenzake kila moja ipate mstari wake, usitenganishe herufi zake, na ng isikae mstari mmoja na ng', ya ngoma na ya ng'ombe sio sauti moja.

Mwisho piga fotokopi ya nyeusi na nyeupe ya chati hiyohiyo umpe asome. Akikwama kwenye silabi alizokuwa anazipata jana, alikuwa anasoma rangi, kwahiyo tumia kopi hiyo na ile ya rangi kwa kupokezana mpaka aache kuitafuta rangi.